Kava la cheni lilitolewa, kijana akaumia, na ripoti natakiwa kuiandika mimi

Ndugu Mshauri,

Ninafanya kazi katika kiwanda cha kubangua korosho wilayani Masasi, na wenzangu walinichagua kuwa mwakilishi wao wa usalama na afya kazini. Jumanne usiku kijana anayehudumia elevata ya ndoo, ile inayopandisha korosho zilizopikwa kwenda kwenye mashine za kukata, alipanda jukwaani kuzibua mdomo wa kumwagia uliokuwa umeziba. Mkono wake wa kulia ulinaswa kati ya cheni na sproketi ya juu, akapoteza ncha za vidole viwili. Nilipofika nilikuta kava la cheni halipo mahali pake. Lilikuwa limeegemezwa kwenye reli ya jukwaa. Nilipiga picha chache kwa simu. Kulipokucha, kava lilikuwa limeshafungwa kwa bolti mpya.

Cheni hiyo ilibadilishwa Jumatano ya wiki iliyotangulia na fundi ambaye ni shemeji yangu. Fomu ya ukaguzi wa kila zamu, ambayo hujazwa na msimamizi, ina alama ya "kinga zipo" kwa siku zote tangu Jumatano hiyo. Kijana anasema alizima mashine kabla hajapanda, lakini msimamizi anasema ni mwongo, kwa kuwa mashine iliyozimwa haikati mtu vidole. Meneja ameniagiza niandike kwamba aliingiza mkono kwa uzembe mashine ikiwa inazunguka, na kwamba habari za kava nisiziguse kwa sababu sasa lipo. Niandike nini, na nimpelekee nani?

Mwakilishi, Masasi

*

Ndugu Mwakilishi,

Pole kwa kijana, na pole kwako pia kwa kuwekwa mahali pagumu. Nianze na jambo ambalo meneja wako anaona limekwisha. Kava kurudishwa hakufuti hali uliyoikuta. Ni tukio la pili linalopaswa kuandikwa kwa saa yake na kwa jina la aliyelifunga, kama atapatikana. Ripoti yako iwe na hali mbili zilizotenganishwa wazi: mtambo ulivyokutwa muda mfupi baada ya ajali, na mtambo ulivyo asubuhi baada ya kuguswa. Mkaguzi akija akakuta kava linang'aa kwa bolti mpya huku ripoti ikiwa kimya, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe uliyetia saini.

Picha zako ndizo mali kubwa uliyonayo, kwa hiyo zihifadhi katika simu zilivyo, bila kuzikata wala kuzichorea, kwa sababu faili halisi hubeba saa na tarehe ya kupigwa. Tuma nakala kwa mjumbe mwingine wa kamati ya usalama. Kisha zitazame kwa makini zaidi kuliko ulivyozitazama usiku ule. Mahali kava linapokaa kwenye fremu huacha alama yake. Katika kiwanda cha korosho vumbi la maganda huchanganyika na mafuta yake na kuganda juu ya chuma kama utando mweusi unaonata, na utando huo haujengeki kwa saa moja. Ikiwa picha inaonyesha mzunguko wa kava ukiwa safi na rangi yake bado inaonekana, basi kava lilitolewa karibuni, pengine usiku uleule. Ikiwa sehemu hiyo ina utando sawa na sehemu nyingine za fremu, na matundu ya bolti yamejaa uchafu uliokauka, kava lilikuwa nje kwa siku kadhaa. Litazame na kava lenyewe pale lilipoegemezwa: kama mgongo wake una vumbi na nyuma yake sakafu imebaki safi, lilikuwa limekaa hapo kwa muda.

Swali la kava lilitoka lini ndilo linalobadilisha ripoti nzima. Kama lilitolewa usiku ule na kijana mwenyewe ili afikie mdomo wa kumwagia, maswali yanamhusu yeye, mafunzo aliyopewa na msimamizi aliyemtuma. Kama lilitolewa Jumatano wakati wa kubadilisha cheni na halikurudi, basi zamu zote zilizopita hapo katikati zilifanya kazi karibu na cheni iliyo wazi, na kijana alikuwa tu mtu aliyefikiwa na zamu yake. Uchunguze utando huo kabla jukwaa halijaoshwa, na uombe bolti za zamani zitafutwe. Bolti iliyotolewa juzi kwa spana huwa na nyuzi safi kuliko ile iliyolala chini ya mtambo kwa wiki nzima, na kama hazionekani kabisa, andika kwamba hazikuonekana. Ila usipande jukwaani kuchunguza lolote kabla swichi kuu ya elevata haijazimwa na kufungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake unao wewe mfukoni.

Sasa nije kwenye neno "mwongo", maana hapo ndipo ninapoona kijana anaonewa. Elevata ya ndoo ikizimwa huku imebeba mzigo, upande unaopanda una ndoo zilizojaa na upande unaoshuka una ndoo tupu. Uzito huo hauko sawa, na kinachouzuia usirudi chini ni breki ya kuzuia kurudi nyuma, kama ipo na ni nzima, au ukaidi wa giaboksi yenyewe. Pasipo breki, mkanda unaobeba ndoo hurudi nyuma na sproketi ya juu huzunguka kinyume bila mota kuwa na umeme. Hata pale giaboksi inaposhika, cheni iliyolegea huipa sproketi nafasi ya kurudi kiasi kabla haijakaza, na kiasi hicho kidogo kinatosha kabisa kumeza ncha ya kidole. Tena mdomo wa kumwagia ukiwa umeziba, korosho zilizojazana juu huweza kuzishikilia ndoo za kichwani zisirudi. Mtu akizibua, kizuizi kinaondoka na ndoo zinajongea. Mfanyakazi anaweza basi kuwa amezima kweli, amepanda kweli, na akaumizwa na mtambo uliozimwa.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ninasema kwamba msimamizi hawezi kulikataa dai la kijana kwa hoja aliyoitoa, na kwamba jambo hili linapimika. Omba jaribio lifanywe mbele ya fundi umeme na mjumbe wa kamati, kava likiwa limefungwa na watu wote wakiwa mbali na jukwaa: elevata ijazwe kama inavyojazwa kazini, izimwe, na mtu aliyesimama chini atazame alama ya chaki iliyochorwa kwenye mkanda kupitia dirisha la ukaguzi. Ikirudi nyuma, andika imerudi kiasi gani. Ikisimama papo hapo, andika hivyo pia, ingawa matokeo hayo hayamfurahishi mtu wa upande wako. Pia uliza swichi ya kuzimia iko wapi na nani alikuwa karibu nayo, kwa sababu kama iko chini na haikufungwa kwa kufuli, mtu mwingine angeweza kuiwasha bila kujua kwamba kuna mwenzake juu. Uwezekano huo usiuache nje kwa kuwa tu hakuna aliyeutaja.

Kuhusu matengenezo, tafuta karatasi kabla hujatafuta watu. Kazi ya kubadilisha cheni lazima iliacha nyayo zake mahali fulani: kadi ya kazi ya idara ya ufundi, hati ya stoo iliyotoa cheni mpya, na daftari la makabidhiano ya zamu. Hati ya stoo itakuonyesha kama bolti za kava ziliombwa pamoja na cheni. Hilo ni jambo dogo lenye uzito, kwa kuwa bolti za kava zilizoshikwa na kutu hukatika zikifunguliwa, fundi huomba nyingine, stoo haina, na uzalishaji unataka mtambo urudi. Kava huegemezwa "kwa muda", na muda huo hauandikwi popote. Tazama pia bolti zilizofunga kava asubuhi baada ya ajali zilitolewa stoo saa ngapi na kwa saini ya nani. Zikiwa zilikuwapo stoo tangu Jumatano, swali ni moja. Zikiwa zimenunuliwa mjini alfajiri ile, swali ni lingine kabisa.

Katika kadi ya kazi tafuta sehemu ya kukabidhi mtambo kwa uzalishaji. Je, kuna mstari unaouliza kama kinga zimerudishwa? Nani alitia saini kuupokea mtambo? Mara nyingi kadi huwa na sehemu ya fundi kuandika "cheni imebadilishwa, mtambo unafanya kazi", na hakuna mahali popote anapoulizwa kuhusu kava. Ukikuta hivyo, andika kwamba fomu yenyewe haiulizi, kwa sababu upungufu huo utamwangusha fundi yeyote atakayekuja baada ya shemeji yako.

Na huyo shemeji. Usiandike wewe sehemu inayomhusu peke yako. Eleza mwanzoni mwa ripoti, kwa sentensi moja, kwamba fundi aliyefanya kazi ile ni ndugu yako kwa ndoa, na kwamba maelezo yake yalichukuliwa na mjumbe mwingine wa kamati. Kisha mwambie mwenyewe, kabla ripoti haijafika kwa meneja, kwamba jina lake litakuwamo na kwamba ni vyema atoe maelezo yake kwa maandishi: alipokea agizo kutoka kwa nani, alimaliza saa ngapi, kwa nini kava halikufungwa na alimjulisha nani. Kama alimwambia msimamizi kwamba bolti hazipo, kunyamaza kwake kutamfanya abebe mzigo wa wawili. Mwambie kwa heshima inayompasa shemeji, lakini usimwombe ruhusa.

Fomu ya ukaguzi wa zamu nayo ina jambo lake. Alama za "kinga zipo" zilizowekwa siku zote hizo hazithibitishi kwamba kava lilikuwapo. Zinathibitisha tu kwamba kuna mtu aliweka alama. Ilinganishe na utando wa fremu, na kadi ya kazi, na maelezo ya waliofanya kazi pale katika zamu tofauti. Uliza fomu hujazwa saa ngapi na wapi, na kama msimamizi hupanda jukwaani au huijazia mezani. Uliza usiku ule alikuwa na mitambo mingapi chini yake na alikuwa wapi mdomo ulipoziba. Uliza kuziba huku hutokea mara ngapi kwa zamu na nani aliwafundisha vijana kuzibua kwa mkono, maana mkono wa mtu hauzoei kupita karibu na cheni kwa usiku mmoja. Korosho iliyopikwa ikiwa na unyevu mwingi hunata na kuziba mara kwa mara. Kama watu wa boila walibadilisha muda wa kupika au wa kupooza, hilo nalo liandikwe. Chukua nakala au picha za fomu hizo mapema. Karatasi za namna hii zina tabia ya kuandikwa upya kwa mwandiko mzuri zaidi.

Katika uandishi wenyewe, tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na unachodhani. Neno "uzembe" halina nafasi katika sehemu yoyote kati ya hizo, liwe la kijana, la fundi au la msimamizi, kwa kuwa ni hukumu, na ripoti yako ni maelezo. Sehemu ya kiini inaweza kusomeka hivi, ukiongeza tarehe na saa kamili na kubadilisha lolote lisilolingana na ulichokiona au ulichokikuta kwenye karatasi:

"Nilipofika kwenye jukwaa la elevata baada ya majeruhi kuondolewa, swichi ya mota ilikuwa imezimwa na haikuwa na kufuli. Sikuona ilizimwa lini wala na nani. Kava la cheni halikuwa mahali pake; lilikuwa limeegemezwa kwenye reli ya jukwaa, na nililipiga picha zilizoambatishwa. Asubuhi iliyofuata nilikuta kava limefungwa kwa bolti mpya. Majeruhi ameeleza kwamba alizima mtambo kabla ya kupanda. Msimamizi wa zamu ameeleza kwamba ulikuwa unazunguka. Kadi ya kazi inaonyesha kuwa cheni ilibadilishwa Jumatano iliyotangulia. Haionyeshi kwamba kava lilirudishwa. Fomu za ukaguzi wa zamu tangu siku hiyo zina alama kwamba kinga zipo. Kamati haijabaini ni lini kava lilitolewa, na inaomba jaribio la kuthibitisha kama elevata hurudi nyuma inapozimwa ikiwa na mzigo."

Pima pia umbali kutoka ukingo wa mdomo wa kumwagia hadi mahali cheni inapoingia kwenye sproketi, na uutaje kwa sentimita. Mtu asiyekuwapo hawezi kuelewa ni kwa nini mkono uliokuwa unazibua korosho ulifika kwenye cheni, lakini akisoma kwamba sehemu hizo mbili zimetenganishwa na kitu kisichozidi urefu wa mkono wa mtu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ripoti uikabidhi kwa mwajiri, kwa sababu wajibu wa kutoa taarifa ni wake, na nakala uiweke kwenye kumbukumbu za kamati. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inataka sehemu hatari za mitambo ziwe na kinga, na ajali itolewe taarifa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Mwajiri asipopeleka taarifa, au akipeleka iliyoondolewa habari za kava, wewe unaweza kwenda mwenyewe kwa mkaguzi na nakala yako pamoja na picha. Usimtishe meneja kwa hilo. Mjulishe tu kwa maandishi kwamba huwezi kutia saini maelezo yanayopingana na ulichokiona, na umwachie aandike maelezo yake kwa jina lake mwenyewe.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni mlango mwingine, na usiuchanganye na ule wa OSHA. Mwajiri anapaswa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na dai la fidia lina ukomo wa miezi 12. Fidia ya Mfuko haimtaki majeruhi athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Ndiyo maana hofu ya meneja kwamba kutaja kava kutamfanya alipe vidole vile haina msingi mkubwa kama anavyodhani, na ndiyo maana kijana hapaswi kukubali kutia saini maneno ya "uzembe wangu" kwa kuambiwa kwamba bila hivyo hatalipwa. Cheti cha hospitali kieleze vidole vimekatika kwenye pingili ipi, kwa kuwa tathmini ya ulemavu hutegemea hapo.

Ukiogopa kazi yako, jua kwamba kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakikubali mfanyakazi aachishwe kazi kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Ikitokea hivyo, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na siku hizo hupita upesi kwa mtu anayezunguka kuomba msamaha ofisini.

Mapendekezo yawe machache na yahusu mtambo huu. Kama kava hufunguliwa ili kupaka grisi, chuchu ya grisi ivutwe kwa bomba dogo hadi nje ya kava, ili asiwepo mtu mwenye sababu ya kulifungua kila wiki. Bolti ziwe za aina isiyotoka kabisa kwenye kava inapofunguliwa, na lihitaji spana, lisifunguke kwa mkono. Kama kiwanda kitatengeneza kava la wavu, wavu wenye matundu ya mraba ya milimita 25 usikae karibu na cheni kwa chini ya milimita 120, kwa sababu kidole hupita humo; kwenye nafasi finyu ya jukwaa lile bati zima ni bora. Breki ya kuzuia kurudi nyuma iwekwe, au ikiwapo ikaguliwe. Mdomo wa kumwagia uwe na mlango wa kuzibulia unaofikiwa kwa fimbo ukiwa upande wa pili wa cheni, na hakuna anayeufungua mpaka kufuli liwe kwenye swichi kuu. Na kadi ya kazi iongezwe mstari mmoja wa kinga, wenye saini mbili, ya fundi na ya msimamizi anayepokea mtambo.

Kabla hujakabidhi, nenda kwa kijana, ikiwezekana pamoja na mtu wa nyumbani kwao, umsomee sehemu yenye maelezo yake na umpe nafasi ya kusahihisha. Kwa mkono wa kulia uliofungwa bandeji atatia dole gumba la kushoto, nawe uandike pembeni ni kwa nini. Halafu peleka nakala mbili kwa meneja, moja aichukue, nyingine irudi kwako ikiwa na mhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea.